Doa kwenye ukuta wa jiwe la mchanga: maji, bandiko au kukwangua?

Ukuta wa mbele wa nyumba ya zamani ukichafuka, watu huuliza dawa ipi itautakatisha. Kwa jiwe la mchanga, lile jekundu-kahawia linalotoka kwenye vilima vya Kigoma, swali la kwanza ni jingine: uchafu huu umeshikwa na nini, na chembe za jiwe lenyewe zimeshikwa na nini? Mara nyingi vitu hivyo viwili vina nguvu inayokaribiana, na wakati mwingine uchafu umeshika kuliko chembe. Hapo ukilazimisha uchafu utoke, jiwe linatoka nalo.

Jiwe la mchanga ni chembe za kwatzi zilizogandishwa pamoja. Kwatzi ni ngumu sana, kisu cha kawaida hakiichori. Gundi inayozishikilia ndiyo dhaifu: inaweza kuwa silika, chokaa, udongo, au madini ya chuma yanayolipa jiwe wekundu wake. Kwa hiyo jiwe haliishi kwa kulika taratibu kama sabuni. Gundi inakatika, chembe nzima inadondoka, kisha inafuata ya nyuma yake. Tena jiwe likikaa miaka mingi juani na mvuani, maji yanayoingia na kukauka huvuta madini kuja nje, na uso hujenga ngozi ngumu kuliko ndani. Ukiiondoa ngozi hiyo umefungua sehemu laini, na hakuna dawa inayoirudisha.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata ukuta mmoja wa Kigoma mjini: nyumba ya ghorofa moja, ukuta wa mbele wa mawe yaliyochongwa kwa mkono, alama za patasi bado zinaonekana. Ulikuwa na madoa ya aina nne, na kila moja lilitaka njia yake. Walio Tabora wenye kuta za matale watafaidika na sehemu ya kutambua madoa, ila itale ni jiwe jingine. Halinywi maji sana na chembe zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo linavumilia mambo ambayo jiwe la mchanga halivumilii.

Kabla ya yote: kipimo cha beseni

Kipimo hiki hakihitaji maabara, na ndicho nitakachokirejea hadi mwisho. Chagua mahali pasipoonekana sana, penye uchafu uleule. Pima mraba wa sentimita 20 kwa 20, uuzungushie selotepu ya karatasi. Chini yake gandamiza karatasi ya nailoni iliyokunjwa kama mfereji, imwagike kwenye beseni jeupe. Safisha mraba huo kwa njia unayotaka kuijaribu, kisha mimina maji yaliyoshuka kwenye chupa inayopitisha mwanga, uitikise na kuiacha.

Udongo na masizi hubaki yakielea, maji yakawa ya chai kwa saa nyingi. Chembe za mchanga hushuka chini ndani ya sekunde chache. Usihukumu kwa maji ya kwanza, maana mna vumbi la barabarani lililokuwa limekaa juu tu. Rudia palepale na ukusanye maji ya pili. Mchanga unaotua kwenye chupa ya pili ni wa ukuta.

Ukikausha mchanga huo unaweza kuupima kwa kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, yaani mililita 5, hubeba takribani gramu 8 za mchanga mkavu. Ukitoka kwenye mraba wa 20 kwa 20, maana yake umepoteza kama sehemu ya kumi ya milimita ya jiwe uso mzima. Inaonekana kidogo. Lakini alama nyingi za patasi hazina kina cha zaidi ya milimita moja au mbili, na ukuta hausafishwi mara moja tu katika uhai wake. Mimi nikiona hata robo ya kijiko kwenye maji ya pili, njia hiyo naiacha.

Kabla ya kuloweka chochote, bandika selotepu pana juu ya jiwe kavu, isugue kwa kidole, ibandue, kisha uibandike kwenye karatasi nyeusi. Ikija na chembe nyingi, jiwe linamomonyoka lenyewe hata bila wewe. Hapo usisafishe kabisa. Tafuta kwanza kinacholilegeza, na mara nyingi ni chumvi au maji yanayopanda kutoka msingini.

Na kama jengo limetangazwa kuwa urithi unaolindwa, ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale inatangulia hata kipimo hiki.

Dalili: wekundu wa matope kuanzia chini hadi usawa wa kiuno

Chanzo chake ni mvua. Matone yanapiga ardhi tupu, udongo mwekundu unarukia ukuta, jua linaukausha. Kwenye ukuta wetu ulifika kama mita moja, mzito chini na mwepesi juu, na ulikoma ghafla pale palipokuwa na kibaraza cha saruji. Ukiona mpaka wa namna hiyo huna haja ya kuuliza zaidi.

Hapa maji yanatosha, mradi yasiwe ya kwanza. Anza na ukuta mkavu kabisa na brashi ya katani, ile ya kupakia chokaa, upanguse kutoka juu kwenda chini. Sehemu kubwa ya udongo itadondoka kama unga. Ukianza kwa kulowesha, unga huo unageuka tope jembamba linaloingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na ukikauka umelipaka jiwe rangi kwa mkono wako mwenyewe.

Baada ya hapo chukua bomba la mgongoni la kupulizia dawa mashambani, jipya au lililotengwa kwa maji tu, maana mabaki ya dawa ya magugu hayatakiwi ukutani. Presha yake ni ya bar chache na mdomo wake hutoa ukungu, na hicho ndicho tunachokitaka. Puliza kidogo, ngoja dakika mbili tatu, puliza tena, kisha piga brashi kwa mduara bila kukandamiza. Lengo ni kulainisha udongo, siyo kuusukuma. Maji yakianza kutiririka kama bomba limefunguliwa, umezidisha: yanaingia kwenye viungo vilivyofunguka na kutokea ndani ya nyumba, au yanaamsha chumvi iliyokuwa imelala ukutani.

Doa hili litarudi msimu ujao wa mvua kama ardhi itaachwa tupu. Kokoto, upana wa hatua moja kando ya msingi, hupunguza kurukia kwa kiasi kikubwa.

Dalili: weusi unaoshuka kwa michirizi chini ya paa

Weusi huu ndio unaofanya watu wakodi mashine, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Katika miji iliyochoma makaa ya mawe kwa miaka mingi, hasa Ulaya, weusi wa kuta za mawe ya chokaa ni gamba la jasi lililonasa masizi. Jasi huyeyuka polepole kwenye maji, ndiyo maana huko ukungu wa maji wa saa kadhaa unaliondoa. Mafundi wengi wamesoma njia hiyo wakaileta kwenye jiwe la mchanga, halafu wanashangaa haifanyi kazi. Weusi wa ukuta wetu haukuwa jasi. Ulifuata njia ya maji kutoka kwenye gata lililotoboka, ulikuwa mzito upande usiopata jua la mchana, na haukuwepo kabisa chini ya dirisha lenye kivuli cha mvua. Kitu kinachofuata unyevu kwa uaminifu namna hiyo huwa ni hai.

Thibitisha hivi: lowesha kwa kitambaa, ngoja dakika chache, kisha sugua kwa kidole. Weusi ulio hai hugeuka utelezi, na mara nyingi huonyesha kijani chini yake. Masizi hubaki meusi na kupaka kidole. Madini ya manganizi hayabadiliki wala hayatoki, na hayo ni rangi ya jiwe lenyewe, yaache.

Mzee mwenye nyumba alikuwa ameshapata bei ya mashine ya kuoshea magari.

"Fundi, kijana ameniambia nusu siku tu ukuta wote unang'aa."

"Utang'aa kweli mzee. Ila tuangalie kwanza kinachoshuka pamoja na maji."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe la ukuta uleule, lililodondoka kwenye kona zamani, jeusi upande mmoja. Tukalisimamisha, tukaweka mfereji wa nailoni, kijana akapiga mashine yake kutoka umbali wa futi moja. Mashine za aina hiyo hutoa presha ya bar 100 na zaidi, wakati maji ya presha ndogo yanayokubalika kwa mawe ya zamani huanzia chini ya bar 7. Weusi ulitoka mara moja, na jiwe likawa na rangi nzuri ya tofali jipya. Tukarudia palepale kwa maji ya pili. Mchanga uliotua chini ya chupa, ulipokaushwa, ulijaza vijiko viwili vya chai na kuzidi. Mzee aliumwaga kiganjani akausugua kwa kidole gumba, kisha akapitisha kiganja kilekile juu ya jiwe. Alama za patasi zilikuwa zimekuwa mawimbi. Mashine ikarudi ilikotoka.

Kilichotumika ukutani ni hiki. Tundu la gata lilizibwa kwanza, kwa sababu bila hivyo kazi ni bure. Utando mzito wa mwani ulitolewa ukiwa mkavu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Mwanzi ni laini kuliko jiwe, hivyo ukikosea utalika wenyewe. Kisha tukapuliza dawa yenye benzalkoniamu kloridi, ikiwa imechanganywa hadi kubaki sehemu moja au mbili za dawa yenyewe katika mia, siku isiyo na dalili ya mvua. Tukaiacha kama wiki mbili bila kugusa. Watu hawapendi kusubiri hapa, lakini ndipo kazi inapofanyika: mwani unakufa, unakauka, unajikunja, na unaachia jiwe wenyewe. Baada ya hapo brashi ya nailoni na maji ya bomba la mgongoni viliondoa sehemu kubwa. Chupa ya maji ya pili ilikuwa na punje za kuhesabika tu.

Kivuli cha kijivu kilibaki. Kitaendelea kufifia kwa mvua na jua, na kukiondoa chote siku hiyohiyo kungehitaji kuondoa chembe zinazokishikilia.

Usitumie jiki badala ya dawa hiyo. Inaua na inang'arisha haraka, lakini inaacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi inayokauka na kulowana kila siku hupanuka ndani ya vinyweleo na kusukuma chembe nje. Uharibifu unaonekana miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichopakwa.

Dalili: michirizi ya rangi ya chungwa chini ya nondo za madirisha

Ni kutu, na hapa ndipo bandiko linapoingia. Maji hayafai kwa sababu kutu haiyeyuki kwenye maji. Kukwangua hakufai kwa sababu doa limeingia ndani ya vinyweleo, huenda milimita kadhaa, na ukilifuata huko utachimba shimo.

Bandiko ni uji mzito unaobandikwa ukutani ukiwa na dawa. Dawa inaingia na kuyeyusha doa, kisha uji unapokauka maji yanavutwa kurudi nje yakiwa na doa, na doa linabaki kwenye uji badala ya kwenye jiwe. Mchanganyiko wa kutu unaojulikana kwa muda mrefu ni sodiamu sitreti sehemu 1, maji ya uvuguvugu sehemu 6, na gliserini sehemu 7. Hiyo inachanganywa na unga wa chaki hadi iwe nzito kama ugali laini, isiyotiririka ukisimamisha mwiko.

Lowesha kwanza jiwe kwa maji safi ndani ya doa na kando yake, ili dawa isinywewe na kusambaa pembeni. Pakaa unene wa kama sentimita moja, upite ukingo wa doa kwa vidole viwili. Kandamiza ili pasibaki hewa chini yake. Funika kwa nailoni kwa siku moja, kisha funua uache ikauke yenyewe. Ikianza kupasuka na kujiachia, itoe kwa kijiti cha mwanzi na usuuze. Ukiitoa ingali mbichi, doa lililoyeyuka linabaki ukutani, tena limepanuka.

Kwenye jiwe letu kuna hatari ambayo vitabu vya mawe meupe haviitaji. Wekundu wa jiwe lenyewe ni chuma. Dawa inayovuta kutu haijui kutofautisha kutu ya nondo na chuma kinacholigandisha jiwe. Ikikaa mno, unapata baka la rangi ya krimu lenye umbo kamili la bandiko lako, na chembe za pale zimelegea. Kwa hiyo bandika mara moja, kagua, rudia ikibidi, na simama doa likiwa limefifia kiasi cha kutoonekana kutoka barabarani. Ukuta ule ulibandikwa mara mbili. Mchirizi ulio chini ya dirisha la katikati bado unaonekana kwa anayeutafuta.

Ndimu, ambayo wengi huisugua juu ya kutu, ina asidi inayofanya kazi ileile bila kipimo. Na kama gundi ya jiwe lako ni chokaa, inaila. Unaweza kujua kwa kudondosha asidi hiyo au siki juu ya kipande kilichoanguka: kikitoa mapovu, asidi yoyote ni marufuku. Ile asidi kali ya kusafishia vyoo ndiyo mbaya kuliko zote. Huyeyusha chuma kilichomo ndani ya jiwe na kukileta juu, na baada ya wiki ukuta mzima unatoka kahawia. Nondo zenyewe zipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla hujagusa ukuta.

Doa la mafuta hutibiwa kwa bandiko hilohilo la unga, ila dawa ni kiyeyushi cha mafuta badala ya sitreti, mbali na moto na mahali penye hewa.

Dalili: baka karibu na mlango, jeupe kuliko ukuta, lakini linashika kijani kuliko ukuta

Hapa palikuwa pamepigwa grainda, miaka kadhaa kabla, kuondoa maandishi ya rangi. Kwa jicho la kawaida palionekana pasafi. Usiku, ukiweka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu yake kwa mlalo, duara za diski zilionekana moja moja. Rula iliyosimamishwa kwa ukingo kutoka sehemu nzima kwenda kwenye baka ilionyesha bonde la zaidi ya milimita mbili. Selotepu iliyobandikwa pale ilirudi na chembe nyingi. Iliyobandikwa hatua moja pembeni ilirudi na chache sana.

Njia zote za kukwangua hufanya hivyo kwa viwango tofauti: diski, msasa, brashi ya waya, na upulizaji wa mchanga kwa kompresa. Zinaondoa ngozi ngumu, na uso mpya wenye mikwaruzo una mashimo mengi zaidi ya kushikilia maji na vumbi, ndiyo maana kijani kinarudi haraka kuliko mwanzo. Brashi ya waya ina balaa la ziada. Vipande vidogo vya chuma hukatika na kubaki kwenye vinyweleo, na mvua ya kwanza ikija ukuta unatoka vidoa vya kutu kama surua. Upulizaji wa mchanga hutoa pia vumbi laini la kwatzi linalosababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, na kitambaa cha kufunga puani hakimzuii fundi wala jirani kulivuta.

Ipo mikwaruzo midogo inayofanywa na wataalamu, unga laini wa chokaa kwa presha ya bar mbili hivi, chini ya kioo cha kukuzia, kwenye gamba gumu juu ya jiwe imara. Kwa baka kama letu, ambalo limeshapoteza ngozi, hata hiyo isingefaa.

Kinachowezekana kwa baka hilo ni kuliweka kavu na kuliacha. Usilipake vanishi wala rangi ya plastiki ili "kuligandisha": maji yanayotoka ndani hunaswa nyuma ya utando, chumvi inajikusanya hapo, na siku utando unapobanduka unabandua tabaka la jiwe pamoja nao.

Dalili: unga mweupe unaotokea baada ya kusafisha

Ni chumvi, iliyokuwa ndani au iliyoletwa na maji ya kusafishia. Ikitokea, usisuuze. Maji yanairudisha ndani, na kesho inatoka tena mahali pengine. Ipanguse ikiwa kavu kwa brashi laini, ikusanye kwenye karatasi, uitupe mbali na msingi.

Ikiendelea kutoka baada ya wiki kadhaa, tumia bandiko la maji matupu: karatasi nyeupe ya tishu isiyo na maandishi, iliyolowekwa na kupondwa hadi iwe rojo, ikakamuliwa, ikabandikwa kwa unene wa sentimita moja hadi mbili na kuachwa ikauke kabisa bila kufunikwa. Chumvi inahamia kwenye karatasi.

Maji ya bandiko hili yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye paa safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Maji ya Ziwa Tanganyika yananyweka vizuri, lakini yana madini kama nusu gramu kwa kila lita. Kwa kusugua tope hayana ubaya wowote. Kwa kuvuta chumvi unakuwa unatoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine. Bandua bandiko likiwa kavu, libandike jingine jipya, na uache kurudia pale karatasi iliyokauka inapokosa ladha ya chumvi kwenye ncha ya ulimi. Jaribio hilo lifanywe tu kwenye ukuta ambao haujapakwa dawa yoyote. Kwenye ukuta uliopakwa, angalia kama karatasi kavu inaacha vumbi jeupe ukiikunja juu ya kitambaa cheusi.